Kwa nini namba za simu za Marekani zilianza kwa majina, na kwa nini majina hayo yaliondolewa?

#1 MtafutaVipande

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita nilinunua sanduku la mtumba la ngozi, na ndani ya mfuko wake wa kitambaa nikakuta karatasi ya barua ya hoteli moja ya New York iitwayo Hotel Pennsylvania. Haina tarehe. Mahali ambapo ningetarajia namba ya simu pameandikwa PEnnsylvania 6-5000, herufi mbili za mwanzo zikiwa kubwa na zilizobaki ndogo. Mwanzoni nilidhani mchapaji alikosea, lakini kaka yangu anasema hivyo ndivyo Wamarekani walivyoandika namba zamani. Naomba mwenye kujua anieleze mtu alipigaje namba yenye neno ndani yake, na kwa nini baadaye waliamua kubaki na tarakimu tupu.

#2 Chapakazi

Jibu ni fupi. Watu waliongezeka, simu zikaongezeka, namba zikaisha, basi wakaondoa majina na kuweka tarakimu ili zipatikane namba nyingi zaidi. Hakuna fumbo hapo.

#3 Mama Wawili

Mimi niliondoka kwenye mtandao mmoja nikaenda mwingine, na namba yangu ikabaki na mwanzo uleule wa zamani. Sasa watu wanaonipigia hawajui niko mtandao gani, na salio lao linakatwa vingine. Je, ndilo jambo mnalojadili hapa?

#4 Fundi Mstaafu

Mama Wawili, hilo lako ni la kuhama mtandao bila kubadili namba, nalo lina uzi wake. Hapa tunazungumzia simu za waya za zamani, ingawa chanzo kina undugu kidogo: tarakimu za mwanzo humweleza mpigaji au mtambo simu inaelekea wapi.

Chapakazi amegusa ukweli nusu. Nimefanya kazi ya mitambo ya simu zaidi ya miaka thelathini, na ninaona kwamba ukianza na kuisha kwa namba hutaelewa kwa nini majina yaliwekwa hapo kwanza. Tuanzie kwenye kisahani chenyewe. Ukiingiza kidole kwenye tundu la 7, ukazungusha hadi kwenye kizuizi na kuachia, kisahani kinaporudi hukata mkondo wa umeme mara saba, na mtambo wa upande wa pili huhesabu mikato hiyo. Tundu la 0 hukata mara kumi. Mtambo haujui P wala R wala S. Herufi zilichapwa kwa ajili ya macho ya mpigaji tu.

Sasa rudi nyuma kabla ya kisahani. Katika mji mkubwa kama New York ulinyanyua mkonga, opereta akakuuliza namba, nawe ukamwambia, "Pennsylvania, elfu tano." Pennsylvania lilikuwa jina la kituo, yaani jengo lenye ubao wa matundu ambamo waya za wateja wa mtaa ule ziliishia, na 5000 lilikuwa tundu la mteja kwenye ubao huo. Kwa tarakimu nne, kituo kimoja kiliweza kuwa na namba 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Opereta wako hakuwa na haja ya kujua mteja ni nani. Alihitaji kujua kituo gani, achomeke plagi kwenye waya unaokwenda huko, na opereta wa huko amalizie.

Mitambo ya kujiendesha ilipokuja, haikuwezekana kubadili vituo vyote vya New York kwa usiku mmoja. Kwa miaka mingi mji ungekuwa na vituo vya mashine na vya maopereta vikifanya kazi pamoja, na mteja hakupaswa kusumbuka kujua kipi ni kipi. Mwaka 1917 mhandisi wa kampuni ya AT&T, W. G. Blauvelt, alipendekeza njia rahisi ya kuvuka kipindi hicho. Kila tundu kuanzia 2 hadi 9 lipewe herufi tatu: ABC kwenye 2, DEF kwenye 3, na kuendelea hivyo hadi WXY kwenye 9. Q na Z ziliachwa nje. Tundu la 1 halikupewa herufi kwa sababu mkato mmoja ungeweza kutokea kwa bahati mbaya mtu akigusa tu mahali pa kuwekea mkonga, na 0 lilikuwa la kumwita opereta.

Kituo cha Pennsylvania kilikuwa miongoni mwa vya kwanza vya mashine pale Manhattan, mwaka 1922, na kitabu cha simu kiliandika PENnsylvania 5000. Mwenye simu ya kisahani alizungusha P, E, N, yaani 7, 3, 6, kisha 5000. Asiye na kisahani alimtamkia opereta wake maneno yaleyale kama alivyozoea, na opereta akaingiza tarakimu kwa vitufe. Aliyekuwa na kisahani akimpigia mteja wa kituo cha maopereta, namba iliwaka kwa taa mbele ya opereta wa kituo kile, naye akachomeka plagi kwenye tundu linalohusika. Maandishi kitabuni yalikuwa yaleyale kwa wote, na kituo kilipobadilishwa kuwa cha mashine namba ya mteja haikubadilika.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, jina lilikuwa daraja la kutoka kwa opereta kwenda kwa mashine.

#5 Bi Chumbageni

Shikamoo Fundi. Umenikumbusha mama yangu, ambaye alikuwa opereta wa simu katika mji mdogo wa bara kabla sijazaliwa. Anasema mtu alinyanyua simu akasema, "Nipatie duka la Mhindi wa karibu na stesheni," na mama akachomeka bila kuuliza namba. Namba zilikuwepo kwenye orodha ukutani, lakini watu wa mji hawakuzitumia, maana mama aliwajua wote. Siku aliyokuwa mgonjwa wakamleta kijana kutoka mji mwingine, na hadi saa nne asubuhi meneja wa benki alikuwa amekwisha unganishwa na bucha mara mbili.

Kwa hiyo ninauliza: kabla ya majina ya vituo, je, huko Marekani nako walianza kwa majina ya watu?

#6 Fundi Mstaafu

Marahaba mwanangu, na umpe mama salamu zangu.

Ndiyo, walianza hivyohivyo. Kituo cha kwanza cha biashara kilifunguliwa New Haven mwaka 1878, na wateja waliitana kwa majina kupitia opereta. Kisa kinachosimuliwa kuhusu namba kinafanana na hicho cha mama yako. Katika mji wa Lowell, Massachusetts, karibu na mwaka 1879, kulikuwa na mlipuko wa surua, na daktari mmoja wa hapo, Moses Greeley Parker, aliogopa kwamba maopereta wakiugua wote pamoja, watakaochukua nafasi zao hawatajua waya ipi ni ya nani. Akashauri kila mteja apewe namba. Inasemekana wenye kampuni walisita kwa kuhofia kwamba wateja wangeona wamedharauliwa kwa kuitwa kwa tarakimu.

#7 Chapakazi

Mzee Fundi, nakubali kuhusu daraja, lakini bado hujaniambia nimekosea wapi. PEN ni tarakimu tatu na 5000 ni tarakimu nne, jumla saba. Ukiondoa herufi unabaki na tarakimu saba zilezile, na wewe mwenyewe umesema mtambo unaona 736 tu. Ikiwa ni hivyo, namba mpya zilitoka wapi?

#8 Fundi Mstaafu

Sasa umejipinga mwenyewe, na umejipinga vizuri, kwa sababu hapo ndipo penye jibu.

Idadi ya tarakimu haikubadilika, lakini uhuru wa kuzichagua ulibadilika. Tundu zenye herufi ni nane. Herufi tatu zingetoa 8 mara 8 mara 8, yaani vituo 512 kwenye karatasi. Lakini kila kituo kilihitaji jina linalotamkika na ambalo halichanganyiki na jingine masikioni, kwa kuwa opereta alilisikia kupitia waya wenye kelele. Juu ya hayo, majina mawili yaliyo mbali kabisa kwa sauti yanaweza kuangukia tundu zilezile. New York ilikuwa na ATwater na CUmberland: A na C zote ziko kwenye 2, T na U zote ziko kwenye 8, kwa hiyo kwa mashine yote mawili huanza na 28.

Ndiyo maana Desemba 1930 New York iliacha herufi ya tatu na kuweka tarakimu mahali pake. Hapa ndipo karatasi ya Mtafuta inapoingia. N iko kwenye tundu la 6, kwa hiyo PENnsylvania 5000 iliandikwa upya kuwa PEnnsylvania 6-5000, na aliyezungusha kisahani alizungusha 736-5000 kama jana yake. Faida ni kwamba jina moja sasa lingeweza kuzaa vituo kadhaa, PEnnsylvania 5, PEnnsylvania 7, bila kutafuta neno jipya, na tarakimu ya tatu ikawa huru kuwa yoyote kati ya kumi. Hesabu inakuwa 8 mara 8 mara 10, yaani 640.

Lakini hata hizo 640 hazikupatikana zote. Jaribu mwenyewe kutafuta neno la Kiingereza ambalo herufi zake mbili za kwanza ziko kwenye 5 na 7: tundu la 5 lina J, K, L na la 7 lina P, R, S. Au zote mbili kwenye 5. Au 9 na 5. Orodha ya majina yaliyopendekezwa na AT&T mwaka 1955 haikuwa na jina lolote kwa 55, 57, 95 na 97. Kila jozi ni vituo kumi, kwa hiyo jozi nne ni vituo arobaini, na kila kituo ni namba 10,000. Hizo ni namba 400,000 katika kila eneo zilizokaa bure kwa sababu hakuna neno zuri la kuzitaja.

Neno likiondolewa, kizuizi hicho kinaondoka. Baadaye ukiruhusu 0 na 1 zikae nafasi ya pili pia, jambo lisilowezekana kwa herufi kwa kuwa tundu hizo hazina herufi za kituo, unapata 8 mara 10 mara 10, yaani 800, ukitoa nane zilizotengwa kwa huduma, kama 411 na 911. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kwamba namba zilikuwa zinaisha, Chapakazi, ila zilimalizwa na upungufu wa maneno.

#9 Mwana wa Pemba

Assalaam alaykum. Mimi ninaishi Uingereza, na napenda kuongeza upande huu kwa sababu sidhani kwamba hesabu ya Fundi inatosha kueleza kwa nini nchi nyingi ziliacha majina karibu wakati mmoja.

London nako walitumia herufi tatu tangu kituo cha kwanza cha mashine cha aina hiyo kilipofunguliwa Holborn mwaka 1927. Polisi wa Scotland Yard walijulikana kwa WHItehall 1212, yaani 944 1212. Lakini kisahani cha Uingereza hakikuwa sawa na cha Marekani. Huku herufi O ilikaa kwenye 0, na kule ilikaa kwenye 6 pamoja na M na N. Ukimpa mtu wa New York jina la kituo cha London lenye O miongoni mwa herufi zake tatu za mwanzo, akalizungusha kwa kisahani chake, ataangukia kwingine kabisa. Wakati wa opereta wa kimataifa hilo halikuwa na neno, maana yeye alijua. Mara tu ilipokusudiwa watu wapigiane moja kwa moja kuvuka bahari, jina likawa mtego. London ilianza kubadilisha mwaka 1966.

Kuna mabaki ambayo Waingereza wengi hawayatambui. Huduma ya kupiga miji ya mbali bila opereta ilipoanza Bristol mwaka 1958, kodi za miji zilitungwa kwa herufi. Aberdeen ilikuwa 0224: ukiondoa 0 ya mwanzo, 22 ni AB. Aylesbury ilikuwa 0296, na 29 ni AY. Birmingham 021 kwa sababu ya B, Liverpool 051 kwa sababu ya L, Manchester 061 kwa sababu ya M. Leo Aylesbury ni 01296, na jina la mji bado limelala ndani yake.

#10 Fundi Mstaafu

Wa alaykum salaam. Nakubali kwa London. Kwa Marekani ningeanza na umbali wa ndani ya nchi yao wenyewe.

Mwaka 1947 waligawanya Amerika ya Kaskazini katika maeneo 86, kila moja na kodi ya tarakimu tatu, na ya katikati ilikuwa lazima iwe 0 au 1. Ona ujanja wake: kwa kuwa 0 na 1 hazina herufi, hakuna jina la kituo lingeweza kuzileta nafasi ya pili. Kwa hiyo mtambo ulipopokea tarakimu ya pili tu ulikwisha jua kama mtu anapiga ndani ya eneo au nje yake. Novemba 1951 meya wa Englewood, New Jersey, alimpigia meya wa Alameda, California, moja kwa moja, na simu ikaunganishwa kwa sekunde 18.

Ili jambo hilo lienee, kila simu nchini ilihitaji tarakimu saba baada ya kodi, wakati miji midogo ilikuwa na nne au tano tu. Basi miji mingi ambayo haikuwahi kuwa na jina la kituo ikapewa jina katika miaka ya 1950, kwa ajili ya kujaza nafasi tu. Miaka michache baadaye wakaambiwa majina yanaondoka. Ningekuwa mteja wa mji kama huo ningekasirika.

Kuna pia makosa ya kila siku ambayo fundi anayaona kuliko mwingine. Mtu anaambiwa herufi O, anazungusha sifuri, anamwangukia opereta. Anaambiwa herufi I, ambayo iko kwenye 4, anazungusha 1. Anasikia jina la kituo na hajui linavyoandikwa. Kila simu ya namna hiyo inashika vifaa vya kituo kwa muda bila mtu kuzungumza, na mteja analalamika kwamba mtambo ni mbovu.

#11 Mjukuu wa Kadhi

Samahani wazee, ninaona mnaipendelea kampuni. Namba yenye jina ilikumbukika. Mtu hakumbuki 736, anakumbuka Pennsylvania, na tena jina lilimwambia mtaa. Nimesoma kwamba wananchi walipinga. Mnanyamazia hilo?

#12 Fundi Mstaafu

Hatunyamazii. Mji wa kwanza kuwekwa kwenye tarakimu tupu ulikuwa Wichita Falls, Texas, mwaka 1958, na huko mambo yalikwenda kimya. Kelele zilianza walipofika San Francisco. Mwaka 1962 iliundwa jumuiya ya kupinga kupiga kwa tarakimu, na mmoja wa wanachama wake alikuwa S. I. Hayakawa, msomi wa lugha ambaye baadaye alikuwa seneta. Hoja yao ilikuwa hiyo yako, kwamba kumbukumbu ya mtu inasumbuliwa bure. Kampuni kwa upande wake ilikuwa na kundi la watafiti wa tabia za watumiaji katika maabara za Bell, chini ya John Karlin, ambao walipima na kuona kwamba watu wanamudu tarakimu saba. Mabadiliko yaliendelea kituo kwa kituo, polepole mno, na baadhi ya miji mikubwa ilishikilia majina hadi kuelekea miaka ya 1980.

#13 Mjukuu wa Kadhi

Kupima kwamba mtu anamudu si kupima kwamba hakupoteza kitu. Mimi namudu kupanda ngazi za ghorofa nane.

#14 Bi Chumbageni

Nimempigia mama jana jioni nikamsomea uzi wote. Yuko upande wa Mjukuu wa Kadhi kuhusu majina ya watu, lakini majina ya vituo anayacheka. Anasema mwenye tabu hakuwa mteja, alikuwa opereta wa mbali ambaye alipaswa kusikia jina la mji kupitia waya uliojaa mvumo. Alipopigiwa kutoka mbali, walimtajia mji mara tatu na herufi zake, lakini tarakimu waliisoma mara moja tu.

#15 Chapakazi

Basi mama amenisaidia. Tarakimu ziko kumi tu, kila moja ina sauti yake, na sikio halibahatishi sana.

#16 Mwana wa Pemba

Kwa Kiingereza "five" na "nine" zinachanganyika vibaya kwenye waya, Chapakazi, na nimewahi kusubiri teksi nusu saa kwa sababu hiyo.

#17 MtafutaVipande

Nawashukuru wote. Nimekaa na karatasi yangu tena. Ikiwa namba iliandikwa kwa mtindo wa PEnnsylvania 6-5000 tangu Desemba 1930, basi karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Je, kuna njia ya kujua mwisho wake, au niache tu kwamba ni ya kati ya 1930 na siku walipofika na tarakimu tupu?

#18 Fundi Mstaafu

Angalia jina la hoteli badala ya namba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilibadilishwa jina ikawa Statler, na ilirudia jina la Pennsylvania miongo kadhaa baadaye, wakati ambapo karatasi mpya zingeandikwa 736-5000 pamoja na kodi ya eneo, 212. Ikiwa yako ina Hotel Pennsylvania juu na 6-5000 chini, na haina 212 popote, mimi ningeiweka kati ya 1930 na mwishoni mwa miaka ya 1940.

#19 MtafutaVipande

Haina 212. Nimeitazama kwa taa hadi pembeni.